Ndoo moja inadai mita 14 kwa lita, nyingine mita 9: nichague ipi kupaka nyumba upya?

Zuhura_K

Habari zenu wakuu. Ninajiandaa kupaka nyumba rangi upya, nje na ndani, na nimekwama kwenye maandishi yaliyo ubavuni mwa ndoo. Kuta za nje, nikishatoa milango na madirisha, ni mita za mraba 170 za plasta laini. Rangi ya maji iliyopo imepauka, ila haijabanduka popote.

Nimebakiwa na chapa mbili, ambazo sitazitaja kwa sababu sitaki uzi ugeuke ubishi wa mashabiki. Ya kwanza imeandika kwamba lita moja hufunika "hadi mita za mraba 14". Ya pili imeandika mita 9. Zote mbili ni rangi za maji za nje, zinauzwa kwa ndoo ya lita 20, na kila moja inajinadi kudumu miaka 10. Bei ya ndoo ya kwanza ni kama asilimia 80 ya bei ya ndoo ya pili.

Nikipiga mikono miwili nitakuwa nimepaka mita 340. Kwa chapa ya kwanza nahitaji lita 25, na kwa ya pili lita 38. Kwa hesabu hiyo ya kwanza ina bei nafuu na pia inakwenda mbali zaidi, jambo linalonitia shaka badala ya kunifurahisha. Je, kuna kitu sikioni? Pia ningeomba ushauri wa ndani: nichukue isiyong'aa, ya mng'ao kiasi, au glosi?

Fundi Sefu

Dada Zuhura, usiumize kichwa na maandishi ya ndoo, kwani rangi huishia mkononi mwa fundi. Hiyo inayofunika mita 14 ni rangi nzito yenye nguvu, ndiyo maana inavumilia maji. Mimi ndoo ya namna hiyo huiongezea lita 4 za maji na bado inaziba vizuri, na hata kampuni zenyewe huandika kwamba maji yanaruhusiwa. Kwa nje chukua glosi, maana mvua ikinyesha inateleza na vumbi halishiki. Glosi ina gundi nyingi kuliko isiyong'aa, na gundi ndiyo uhai wa rangi. Ya mafuta ingekuwa bora zaidi kama mfuko unaruhusu.

Mkemia wa Zamu

Fundi Sefu yuko sahihi kuhusu gundi, na nitalirudia hilo, lakini kuhusu maji hesabu inamkataa.

Bi Zuhura, lita moja ya rangi ukiitandaza sawasawa juu ya mita moja ya mraba, utando wake utakuwa na unene wa milimita moja, yaani mikroni 1000. Ukiitandaza juu ya mita 14 unapata utando mbichi wa mikroni 71, na juu ya mita 9 unapata mikroni 111. Lakini utando huo una maji ndani yake, na maji yatapotea hewani. Kinachobaki ukutani ni yabisi tu, yaani gundi, vumbi la rangi na chaki. Kwa hiyo namba ya mita kwa lita haina maana mpaka ujue mambo mawili: yabisi ni asilimia ngapi ya ujazo, na mtengenezaji amechukulia utando mkavu wa unene gani. Mtu yeyote anaweza kuandika mita 14, au hata 20, mradi akubali utando mwembamba zaidi.

Maji ya Fundi Sefu yanafanya kazi hiyo hiyo. Lita 20 zikiongezewa 4 zimekuwa 24, lakini yabisi ni ile ile, imegawanywa juu ya ukuta mpana zaidi. Kuongeza maji kidogo ili rola ikimbie ni sawa pale kampuni inaporuhusu, hasa mkono wa kwanza kwenye ukuta unaonyonya, ila kuongeza maji hakuongezi rangi.

Tafuta karatasi ya maelezo ya kiufundi ya kila chapa, kwa kawaida iko kwenye tovuti ya kampuni, kisha utuletee namba za yabisi.

Mama Nusra

Naomba nichangie na mimi, maana tatizo langu ni hilo hilo la kuchagua chapa. Ukuta wangu wa sebule unabanduka sehemu ya chini, kutoka sakafuni hadi usawa wa goti. Nimeshabadilisha chapa, ya mwisho ikiwa ile ya bei kubwa inayosema haipitishi maji, na bado inavimba malengelenge na kutoa unga mweupe wa chumvi. Je, kati ya chapa hizi mbili za Bi Zuhura, ni ipi inayozuia unyevu vizuri zaidi?

Zuhura_K

Mama Nusra, pole sana, ila mimi ukuta wangu ni mkavu, kwa hiyo sijui kama majibu yangu yatakufaa.

Mkemia, nimezipata karatasi zote mbili. Chapa ya pili imeandika yabisi asilimia 42 kwa ujazo. Ya kwanza imeandika yabisi asilimia 49, na uzito wa kilo 1.33 kwa lita. Sasa nimechanganyikiwa zaidi, kwa sababu ile niliyoanza kuitilia shaka ndiyo yenye yabisi nyingi!

Mkemia wa Zamu

Tazama vizuri kama hiyo 49 ni kwa ujazo au kwa uzito.

Zuhura_K

Kwa uzito. Imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni.

Mkemia wa Zamu

Basi namba hizo mbili hazilinganishwi. Vumbi la rangi na chaki ni vitu vizito kuliko maji, hivyo yabisi ikipimwa kwa uzito huonekana nyingi kuliko nafasi inayochukua ukutani, na unene wa utando hutokana na nafasi.

Bahati nzuri wamekupa uzito wa lita, kwa hiyo unaweza kugeuza mwenyewe. Lita moja ina kilo 1.33. Ikiwa asilimia 49 ni yabisi, asilimia 51 iliyobaki ni kimiminika, nayo ni takriban kilo 0.68. Kwa kuwa hii ni rangi ya maji, kimiminika hicho ni maji kwa sehemu kubwa sana, na kilo moja ya maji ni lita moja, hivyo kinachukua takriban lita 0.68. Nafasi inayobaki ndani ya lita ni 0.32. Yabisi yake kwa ujazo ni asilimia 32, si 49. Namba ya maabara inaweza kupishana na hiyo kidogo, lakini si kwa kiasi cha kubadili uamuzi.

Sasa turudi kwenye ndoo zako. Chapa ya kwanza kwa mita 14: asilimia 32 ya mikroni 71 ni mikroni 23 za utando mkavu kwa kila mkono. Chapa ya pili kwa mita 9: asilimia 42 ya mikroni 111 ni mikroni 47. Mikono miwili ya kwanza itakuachia mikroni 46, na mikono miwili ya pili 93. Ulikuwa unalinganisha nyumba iliyopakwa na nyumba iliyopakwa nusu.

Ili ulinganifu uwe wa haki, chagua unene mmoja kwa zote, tuseme mikroni 40 kavu kwa kila mkono. Chapa ya kwanza itafunika mita 8 kwa lita, na ya pili mita 10.5. Kwa mita 340 hiyo ni lita 42.5 dhidi ya 32.4. Ongeza inayobaki kwenye rola, inayodondoka, na inayopotea kwenye vijishimo vya plasta. Kwenye plasta laini mimi huchukulia kwamba asilimia 15 ya ulichonunua haifiki ukutani kama utando. Unapata lita 50 kwa ya kwanza na 38 kwa ya pili, yaani ndoo mbili na nusu dhidi ya ndoo mbili kasoro.

Kuhusu bei, gawa 32 kwa 42 na utapata asilimia 76. Ndoo ya kwanza ingepaswa kuuzwa chini ya asilimia 76 ya bei ya ya pili ndipo iwe nafuu kwa utando ule ule. Wewe umesema ni 80. Kwa hiyo iliyo rahisi dukani ndiyo ghali ukutani, ingawa si kwa mbali.

Kalamu ya Risasi

Hesabu nimeifuata na sina ugomvi nayo, lakini naona inaweza kumpeleka mtu kwenye shimo jingine. Chaki nayo ni yabisi. Mtengenezaji anaweza kujaza ndoo chaki, gundi ikawa kidogo, na karatasi ikasoma asilimia kubwa ya yabisi. Utando utakuwa mnene, naam, lakini baada ya misimu michache ya jua ukipitisha kiganja ukutani unatoka mweupe. Kwa hiyo hizo asilimia 42 pekee hazinipi usingizi.

Mkemia wa Zamu

Ni kweli, na hapo ndipo Fundi Sefu alipokuwa na hoja. Yabisi inakuambia utapata kiasi gani, haikuambii ni cha namna gani. Bahati mbaya ni karatasi chache zinazotaja kiasi cha gundi. Unachoweza kusoma ni aina yake: kama ni akriliki tupu, au akriliki iliyochanganywa na stairini, au ile ya vinili. Kwa kuta za nje zinazopigwa na jua, akriliki tupu ndiyo inayovumilia mwanga kwa muda mrefu zaidi. Ile ya stairini hustahimili maji vizuri lakini jua huichosha mapema. Karatasi inayosema tu "gundi bora ya kisasa" haijasema kitu.

Kampuni hiyo hiyo moja huwa na rangi ya daraja la juu na ya daraja la chini, zikiwa na nembo ile ile na ndoo zinazofanana. Ndiyo maana swali la "chapa gani" huwa halijibiki. Uliza jina kamili la bidhaa na usome karatasi ya bidhaa hiyo.

Fundi Sefu

Mkemia nimekusoma, na hesabu ya yabisi nimeielewa. Lakini mikroni 40 kavu kwa ile ya asilimia 32 ina maana ya mikroni 125 mbichi kwa mkono mmoja. Hiyo haishiki ukutani, itatiririka. Kwa rola ya kawaida mimi huacha kama 100 hivi, nikizidisha naona machozi. Kwa hiyo chapa ya kwanza itataka mkono wa tatu, na mkono wa tatu ni siku nyingine ya kazi.

Mkemia wa Zamu

Umeongeza jambo ambalo hesabu yangu iliacha, na ni kubwa kuliko tofauti ya bei ya ndoo. Bi Zuhura, hapo uamuzi wa nje umekwisha kwa maoni yangu, isipokuwa kama karatasi ya chapa ya pili itaonyesha gundi dhaifu.

Kazi ikianza, usingoje iishe ndipo uhesabu ndoo. Pima kipande cha mita 10 za mraba kwenye ukuta ulionyooka, kiwekee alama kwa penseli, pima uzito wa ndoo pamoja na rola kabla ya kuanza, kisha pima tena vyote baada ya kumaliza kipande hicho. Gawa kilo zilizopungua kwa uzito wa lita ulioandikwa kwenye karatasi. Kwa mita 9 kwa lita, kipande hicho kinapaswa kula lita 1.1 hivi. Kikila 0.7 tu, rangi imevutwa mno au imeongezwa maji. Kikila lita 1.5, ukuta unanyonya na ulihitaji praima.

Zuhura_K

Asanteni, nimeanza kuona mwanga. Gundi ya chapa ya pili imeandikwa akriliki tupu. Nimepitisha kiganja ukutani kama alivyosema Kalamu, na upande wa magharibi kimetoka na unga mweupe, pande nyingine hakuna kitu.

Kalamu ya Risasi

Huo unga ni rangi ya zamani iliyokwisha gundi. Ukipaka juu yake, rangi mpya itashika unga badala ya kushika ukuta, na itabanduka kama karatasi bila kujali ndoo inasema miaka mingapi. Sugua upande huo kwa brashi ngumu na maji, uache ukauke, upitishe kiganja tena. Unga ukiendelea kutoka, paka praima ya kufunga unga kabla ya mkono wa kwanza.

Hapa ndipo ile "miaka 10" inaposomeka vizuri. Tafuta masharti ya dhamana, si tangazo lake. Niliyowahi kuyasoma yalitaka praima ya kampuni ile ile, mikono miwili kwa unene uliotajwa, na ukuta mkavu usio na unga. Yalihusu kubanduka na kuvimba tu, rangi kupauka haikuhesabiwa. Walichoahidi kulipa ni ndoo mpya, wala si fundi wala jukwaa la kupandia. Mtu aliyepaka kwa mita 14 kwa lita ameshaivunja dhamana kabla rangi haijakauka, kama masharti yanataka unene ambao mita 14 haiwezi kuufikia.

Mkemia wa Zamu

Mama Nusra, hatukukusahau. Hakuna chapa kati ya hizo mbili itakayokusaidia, na ile isiyopitisha maji huenda ndiyo inayozidisha. Unyevu unaopanda kutoka chini hutafuta pa kutokea. Ukiuzibia upande wa ndani, husukuma utando au hupanda juu zaidi. Kabla ya kununua chochote, bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe, ukiache hadi kesho yake. Matone yakiwa upande wa nailoni uliogusana na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa humo ndani. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na la kwanza ni la mwashi, si la duka la rangi.

Mama Nusra

Nimeelewa, nitaiweka hiyo nailoni. Ila kwenye kopo waliandika wazi kabisa kwamba inazuia unyevu.

Kalamu ya Risasi

Walimaanisha mvua inayopiga ukuta wa nje.

Zuhura_K

Nirudi kwenye swali la ndani. Nina ukumbi mrefu wenye dirisha mwishoni na watoto wanaopitisha mikono ukutani. Kila kopo limeandikwa "inaoshika".

Mkemia wa Zamu

Neno "inaoshika" peke yake ni la tangazo. Kuna kipimo cha Ulaya, EN 13300, kinachogawa rangi za ndani katika madaraja matano ya kusuguliwa zikiwa na maji. Daraja la 1 hupoteza chini ya mikroni 5 baada ya misuguo 200, na daraja la 3 hupoteza kuanzia 20 hadi chini ya 70. Kumbuka unene tuliokuwa tunauzungumzia, utaona kwamba daraja la 3 linaweza kufika karibu na plasta. Karatasi ikitaja daraja 1 au 2, ichukue kwa ukumbi. Kipimo hicho hicho kina madaraja ya kuziba kilicho chini, na hapo lazima wataje ni kwa mita ngapi kwa lita, kwa hiyo soma namba zote mbili pamoja.

Fundi Sefu

Kwa ukumbi wa watoto mimi ningepiga ya mng'ao kiasi bila kufikiri mara mbili. Alama za vidole zinafutika kwa kitambaa chenye maji.

Kalamu ya Risasi

Na dirisha la mwisho wa ukumbi je? Mwanga unaopita sambamba na ukuta utaonyesha kila kiraka cha puti, kila alama ya msasa na kila mahali rola ilipoungana. Chenye mng'ao hakifichi kitu. Isitoshe, ukigusia sehemu iliyochubuka, kiraka kitaonekana milele, wakati isiyong'aa unaigusia kwa brashi ndogo na haionekani sana. Siku hizi zipo zisizong'aa zenye daraja la 1 la kusuguliwa.

Fundi Sefu

Zipo, na nimezipaka. Ukizisugua mahali pamoja panaanza kung'aa, ukuta unakuwa na mabaka. Nami nikiiskimu vizuri, huo mwanga wako wa dirishani hautaona kitu.

Mkemia wa Zamu

Nyote mna haki, na karatasi haitawaamulia. Kupata kung'aa kwa kusuguliwa hakumo katika daraja la misuguo. Rangi inaweza kuwa daraja la 1 na bado ikaacha baka. Bi Zuhura, nunua kopo dogo la kila moja, paka vipande viwili karibu na swichi ya taa, acha vikomae wiki tatu au nne kwa sababu gundi ya rangi ya maji huendelea kukaza baada ya kukauka, kisha visugue kwa kitambaa chenye maji na uvitazame mwanga wa dirisha ukiwa ubavuni.

Neno moja kwa Fundi Sefu kuhusu glosi ya mafuta nje: kwenye plasta ya saruji ambayo bado ni changa, au inayopata unyevu, magadi ya saruji huigeuza gundi ya mafuta kuwa sabuni na utando hulainika. Kwa milango na fremu za mbao sina pingamizi.

Fundi Sefu

Hilo la sabuni nimeliona kwa macho, utando ulikuwa unanata kama asali na mwenye nyumba alinilaumu mimi.

Zuhura_K

Basi nje nimeamua: chapa ya pili, ndoo mbili, na praima ya kufunga unga upande wa magharibi kama kusugua hakutatosha. Ndani nitapaka vipande vya majaribio kwanza. Limebaki moja. Nilitaka ukuta mmoja wa nje uwe na njano iliyokolea, na muuzaji amesema watachanganya kwenye ndoo ile ile. Je, namba za karatasi zinabaki vile vile?

Mkemia wa Zamu

Hapana. Rangi iliyokolea huchanganywa kwenye ndoo ya msingi tofauti, yenye vumbi jeupe kidogo sana au isiyo nalo kabisa, na vumbi hilo ndilo linaloziba. Omba yabisi ya msingi huo, si ya nyeupe. Njano kali huziba vibaya, kwa hiyo tarajia mkono wa tatu, au paka kwanza mkono wa chini wa rangi inayokaribiana nayo. Kisha uliza vumbi la njano ni la aina gani. La oksidi ya chuma, lenye wekundu wa udongo, halisumbuliwi na jua. Njano nyingi zile za kung'ara kama ndimu mbivu hupauka mapema, na upande wako wa magharibi ndio utakaoonyesha kwanza.

Zuhura_K

Muuzaji hajui ni vumbi gani. Ameniahidi kuwapigia kiwandani, nikipata jibu nitaliweka hapa.